Nilivyomkatalia Mteja Wangu wa Kwanza

Barua ya kuomba punguzo ilinifikia kwenye simu, imepigwa picha ikiwa juu ya kitambaa cha meza chenye maua. Ilikuwa barua rasmi kabisa, imechapwa, ina tarehe na kumbukumbu, na katikati imeandikwa kwa herufi kubwa YAH: OMBI LA PUNGUZO LA BEI YA MAPAMBO. Chini walitia saini watatu: mwenyekiti wa kamati ya harusi, katibu na mweka hazina. Saini mbili za kwanza sikuzijua. Ya tatu niliitambua kabla sijasoma jina, kwa sababu mwenye saini ile huandika herufi zake kama anashona, kidogokidogo, hakosi nukta.

Mimi ni mpambaji. Napamba kumbi za harusi, sendofu na kitchen party, na ofisi yangu ni chumba kimoja na stoo ghorofa ya tatu, Mchafukoge katikati ya jiji, kwenye jengo ambalo lifti yake watu wameacha hata kuuliza itatengenezwa lini. Nafanya kazi na mdogo wangu wa kike. Yeye anasimamia ufuaji na upigaji pasi, mimi naongea na wateja. Ukiniuliza ni ipi ngumu kati ya hizo mbili, siku hizi nitakwambia bora pasi.

Yule mweka hazina ndiye aliyekuwa mteja wangu wa kwanza kabisa. Miaka kumi na kitu nyuma, nilipokuwa nauza vitambaa kwenye kibaraza cha mtu Mtaa wa Kongo, alikuja kununua satini, akaniona nimefunga kilemba kwenye nguzo ya kibaraza kuvutia watu, akaniuliza kama naweza kufunga hivyo kwenye uwanja wa nyumba yake, anamfanyia binti wa jirani kitchen party. Nikasema naweza. Sikuwa nimepamba hata chumba. Nilikwenda na vitambaa vya kukopa, nikapanda ngazi peke yangu, na watu walipoingia wakapiga vigelegele hata kabla bi harusi hajatokea. Kuanzia hapo yule mama akawa ananitaja kila anapokaa na wenzake. Nusu ya wateja wa miaka yangu mitatu ya mwanzo walikuja wakisema wameelekezwa na yeye.

Sasa alikuwa anamwoza mtoto wa marehemu mdogo wake, aliyemlea tangu yuko darasa la pili. Wageni mia tatu na hamsini, ukumbi wa Magomeni, Jumamosi ya tatu baada ya Pasaka. Nilikuwa nimewapelekea makadirio ya milioni tano na laki nane. Barua ilisema kamati imeyapokea kwa furaha, inatambua ubora wa kazi zetu, lakini kwa kuwa ahadi nyingi za michango bado hazijatimizwa, inaomba ifanyiwe kazi ileile kwa milioni mbili na laki tisa. Nusu kamili. Mwisho waliandika, "Ukizingatia uhusiano wa muda mrefu uliopo."

Nilimpa mdogo wangu simu asome. Alisoma amesimama, pasi mkononi, akanirudishia.

Yeye alitaka tukubali. Alikuwa na sababu zake, na si za kijinga. Ilikuwa Kwaresima, harusi zimesimama, na mwezi uliotangulia Waislamu walikuwa kwenye mfungo, kwa hiyo miezi miwili tulikuwa tunakunja na kukunjua vitambaa vilevile. Alisema bora kazi ya nusu kuliko ofisi kufungwa. Akasema pia kwamba kwa yule mama hatuwezi kusema hapana, watu watatuonaje.

Nikachukua daftari nikaanza kumwandikia. Meza thelathini na tano, kila moja watu kumi. Maua mabichi yanayoshushwa na basi kutoka Arusha kwenye ndoo, ambayo muuzaji hataki kusikia habari ya mkopo. Kenta ya mizigo, safari mbili kwenda na mbili kurudi. Vibarua wanane. Taa za kukodi. Sabuni, maji, umeme wa pasi. Vitambaa vya kubadilisha, kwa sababu kila harusi wageni hutoboa viwili vitatu kwa sigara na kumwagia vingine mchuzi. Jumla, kabla hatujajilipa sisi wenyewe hata nauli, ilikuwa milioni nne na laki tatu. Nikamwonyesha. Kwa bei waliyoomba, tungekuwa tumeichangia harusi ile milioni moja na laki nne, na kazi ya mikono yetu juu yake.

Alitazama hesabu, akasema, "Basi andika wewe. Mimi siwezi kumwandikia yule mama."

Na mimi sikuweza. Mara ya kwanza niliandika ndefu sana. Nilieleza ugumu wa biashara, kodi ya pango, bei ya dola, mpaka nikamtaja mwanangu aliyeko chuoni. Nilipoisoma nikaona naomba huruma, na wao walikuwa wameomba huruma kabla yangu. Tungebaki kulizana tu. Nikaifuta. Mara ya pili niliandika mistari miwili, nikaona ni kavu kama tangazo la kukatwa maji. Mara ya tatu nilikubali. Kweli, niliandika kwamba tumekubali, na kidole kilikuwa juu ya kitufe cha kutuma. Kilichonizuia ni kumbukumbu ya mwaka uliopita, nilipompunguzia mteja mwingine nusu kwa aibu tu, halafu nikaanza kuibia kazi yangu mwenyewe: kitambaa chenye doa nikakigeuza ndani nje, maua ya jana nikayapuliza maji, vibarua nikawapunguza mpaka tukamaliza kufunga jukwaa wageni wakiwa wameshakaa. Mteja hakusema kitu. Alilipa, akaondoka, na tangu siku ile akiniona barabarani anavuka upande wa pili.

Sikutaka huyu avuke upande wa pili.

Kwa hiyo nikakaa siku nzima nikifanya kitu ambacho ningepaswa kukifanya kabla ya kuandika lolote. Nilijiuliza ni nini hasa mgeni anakitazama akiingia ukumbini. Nikakumbuka kumbi zote nilizopamba. Mgeni hutazama mlango, kisha anatazama mbele wanapokaa maharusi, kisha anatafuta kiti. Meza yake mwenyewe huiona ikishafunikwa na soda na sahani. Na picha zote zinapigwa mbele. Ukumbi ule nilikuwa naujua, una vitambaa vyake vyeupe vya meza na magauni ya viti, si vya kutisha, vimefuliwa. Basi nikapanga upya. Jukwaa la maharusi kama lilivyo, bila kugusa. Meza ya wazazi. Lango la kuingilia na kapeti ya katikati. Meza kumi za mbele tunazipamba sisi, ishirini na tano za nyuma zinabaki na vitambaa vya ukumbi. Maua mabichi kwenye jukwaa tu, kwingine ya bandia, yale mazuri. Kenta safari moja, vibarua wanne. Hesabu ikatoka milioni tatu na laki mbili, na sisi tukabaki na chochote kitu.

Barua niliyotuma mwishowe ilikuwa hivi, nimeitunza mpaka leo:

"Tumepokea kwa heshima barua yenu, na tunashukuru kwa kutufikiria katika shughuli hii ya furaha. Tunaelewa hali ya michango mliyoieleza. Kwa masikitiko, hatutaweza kufanya mapambo yaliyomo kwenye makadirio ya awali kwa kiasi mlichopendekeza, kwa kuwa kiasi hicho hakifikii gharama za vifaa, usafiri na mafundi, na hatupendi kuwaahidi kazi ambayo hatutaifanya kwa kiwango kinachowastahili.

"Badala yake tunawapendekezea kifurushi kidogo, kilichoambatanishwa, kwa shilingi milioni tatu na laki mbili. Tumeeleza wazi kilichomo na kisichokuwamo, ili kusiwe na mshangao siku ya shughuli. Mnaweza kubadilisha kipengele kimoja kwa kingine chenye gharama inayolingana. Tarehe yenu tutaishikilia kwa siku saba bila malipo. Baada ya hapo tutaomba nusu ya kiasi kama malipo ya awali.

"Ikiwa kamati itaamua vinginevyo, tutaheshimu uamuzi wenu, na tunawaombea harusi njema."

Ule mstari wa uhusiano wa muda mrefu sikuujibu. Niliuzunguka. Sikujua kitu kama kile nikiweke wapi kwenye barua.

Siku ya kwanza kimya. Siku ya pili zikatokea alama mbili za buluu kuonyesha imesomwa, kisha kimya tena. Siku ya tatu, mwanamke mmoja tunayefahamiana, aliyemo kwenye kundi la simu la kamati ile, akanipigia kunipa habari ambazo sikumwomba. Mwenyekiti alikuwa ameisoma barua yangu kwenye kikao, mwingine akasema nimeota mapembe, mwingine kwamba watu wakishapata ofisi ya ghorofani wanasahau walikotoka. Wamepata kijana wa kupamba yote, meza zote thelathini na tano, kwa milioni mbili na laki nane. Nilimshukuru. Nikakata simu nikaendelea kuhesabu pini.

Uchovu wa siku zile sijui niuelezeje. Haukuwa wa kazi, kazi haikuwepo. Ulikuwa uchovu wa kuwa umesema kitu cha kweli kwa adabu, na bado unajisikia mwizi. Mdogo wangu hakusema "nilikwambia," lakini alikuwa anapiga pasi kwa nguvu kuliko kawaida.

Siku ya sita asubuhi nikasikia mtu anapanda ngazi, anasimama kila kituo, anapumua, anaendelea. Watu wa aina ile huwa ni wazee au wadai. Alipotokea mlangoni ni yeye, ameshika kanga ya begani kwa mkono mmoja na mkoba kwa mkono mwingine, uso umelowa jasho. Mvua za masika zilikuwa zimeanza na joto lile la kabla ya mvua lilikuwa limejaa ngazini.

Nilimwamkia shikamoo, akaitikia marahaba kwa shida. Mdogo wangu akampa kiti na maji, kisha akaingia stoo akajifanya anatafuta kitu. Yule mama alikunywa maji yote, akapangusa uso, akatazama vitambaa vilivyopangwa mpaka darini.

Alianza kuzungumzia ngazi, kisha mvua, kisha miguu yake. Mimi nilikuwa nasubiri atakaponikumbusha siku ile ya uwanjani kwake. Nilikuwa nimejiandaa. Nilishaamua kwamba akinikumbusha nitashindwa, nitakubali nusu, na nitatafuta pa kuikopa hiyo milioni moja na ushei.

Badala yake akaniuliza kuhusu yule kijana. Alitaka kujua kama kweli mtu anaweza kupamba yote yale kwa milioni mbili na laki nane. Nilimjibu kwamba simfahamu, siwezi kumsema. Nikamwambia labda ana maua yake mwenyewe, labda vitambaa vyake alishavilipia siku nyingi, inawezekana. Ila amwombe aandike kila kitu kwenye karatasi: meza ngapi, maua gani, atafika saa ngapi, nani analipa usafiri.

Akasema, "Nilimwomba. Amesema mama niamini tu."

Kisha akafungua mkoba akatoa barua yangu. Alikuwa ameipeleka kwenye duka la kuchapa, ikatolewa kwenye karatasi, na kwenye kile kifurushi alikuwa amepiga vistari kwa kalamu.

"Unajua kwa nini walinitaka niweke saini mimi?" akaniuliza. "Mweka hazina haandiki barua za punguzo. Walisema mama, wewe weka, yule hawezi kukukatalia wewe."

Nikamwambia najua.

"Wamenituma hivyohivyo kwa mpishi. Akapunguza. Kwa mwenye ukumbi, akapunguza. Kwa mtu wa muziki, kwa mshona magauni, kwa mchungaji mwenyewe. Kila mahali naingia na huu uso wangu, natoka na punguzo. Nikifika nyumbani silali. Nawajua wote wale, najua nimewakaba."

Nilimwongezea maji.

"Na wewe siku ile uliondoka kwangu na hasara," akasema. "Ile kitchen party. Uliniambia laki moja na nusu, nami nilikuwa nimefanya kazi ya kushona, nilijua bei ya satini. Nilihesabu vile vitambaa nikajua hujabakiwa na kitu. Nikanyamaza, kwa sababu ilikuwa nafuu kwangu. Kuwaambia watu habari zako, ile ilikuwa nakulipa deni langu."

Miaka yote ile mimi nilidhani ananifadhili. Nilijisikia vibaya, kisha nikajisikia mwepesi, kisha nikajisikia nataka kulala palepale juu ya marobota.

"Ulivyonikatalia," akaendelea, "nilikasirika siku mbili. Siku ya tatu nikaona nimepumzika. Angalau mmoja amesema hapana, nimejua mwisho uko wapi."

Baada ya hapo tulifanya kazi kama watu wanaofanya biashara. Alivuta kiti karibu na meza. Lango la kuingilia alitaka litoke, kwani wageni wengi watakuwa ndugu wanaokuja wakikimbia mvua, nani atasimama kulitazama. Badala yake alitaka meza tano zaidi mbele, kwa sababu upande wa bwana harusi unakuja na wazee wengi kutoka Moshi na hataki mmoja wao akae nyuma kwenye kitambaa cha ukumbi. Nikapiga hesabu: lango kwa meza tano, gharama zilikuwa zinakaribiana, tofauti ya elfu arobaini. Nilitaka kuiacha. Akakataa, akasema niiandike. Mdogo wangu akatoka stoo na karatasi ya mkataba kabla sijamwita. Siku ya saba, kabla muda haujaisha, mkataba ukarudi na saini ya mwenyekiti, na malipo ya awali yakaingia.

Sijui alimwambia nini mwenyekiti. Yule rafiki wa kwenye kundi alinipigia tena kuniambia kikao kilikuwa kirefu, na kwamba mama wa watu aliongea taratibu mpaka wakachoka wao. Nilimwomba asinisimulie zaidi.

Jumamosi yenyewe iliamka na mvua iliyoanza tangu usiku. Bonde la Jangwani lilikuwa limejaa na barabara imefungwa, magari yote ya kwenda Magomeni yanageuzwa. Dereva wa kenta aliniuliza twende au tusubiri. Tulipita Upanga, tukavuka Daraja la Salenda, tukazunguka Kinondoni, saa mbili na nusu kwa safari ambayo siku nyingine huchukua dakika ishirini. Mdogo wangu alikaa nyuma na vibarua, ameshikilia turubai juu ya ndoo za maua. Tulipofika saa sita mchana nilipiga hesabu kichwani: kama ingekuwa ile kazi kubwa, ya safari mbili, maharusi wangeingia ukumbini wakatukuta tuko juu ya ngazi.

Tulimaliza saa kumi na robo. Jukwaa lilitoka vizuri. Mezani kwa wazee nilikaa mwenyewe nikakunja vitambaa vya mkono, kimoja kimoja. Kwenye meza za nyuma niliwaambia vibarua wanyooshe vitambaa vya ukumbi na waweke katikati ya kila meza tawi moja la majani yaliyobaki kwenye ndoo. Hayakuwa kwenye mkataba. Yangetupwa tu.

Mwenyekiti wa kamati alifika mapema, koti limelowa mabega. Alitembea mpaka nyuma, akarudi, akaniuliza kwa nini kule mapambo ni pungufu. Nikamjibu kwamba ndivyo tulivyokubaliana, na orodha iko kwenye mkataba alioutia saini. Alitazama mbele tena, muda mrefu kidogo, akasema sawa. Hakunisifu. Sikuwa nimetegemea.

Bi harusi nilimwona kwa mbali tu, alipokuwa anaingia, na mama yake mkubwa nyuma yake ameshika mkia wa gauni usiguse sakafu yenye maji. Sisi tuliondoka kwa mlango wa jikoni kabla ya chakula.

Ukumbi ulitupa muda mpaka saa nne asubuhi ya Jumapili kuondoa vitu vyetu. Tulipofika, yule mama alikuwepo. Alisema amekuja kuchukua masufuria ya kukopa kwa majirani, na anasubiri kirikuu, gari dogo la kuyabeba. Aliketi kwenye kiti cha meza ya wazazi, akavua viatu, akaanza kutusaidia kukunja vitambaa kwenye mapaja yake. Alikunja vinne. Cha tano kilipofika nusu, mikono ikasimama, kichwa kikaegemea upande, akalala.

Mdogo wangu alinitazama kuuliza tumwamshe au vipi. Nikatikisa kichwa. Tulifungua jukwaa polepole, tukashusha taa, tukakunja kapeti kutoka mlangoni kuja mbele, vibarua wakitembea kwa ncha za vidole. Meza yake tuliiacha na kitambaa chake. Mlinzi wa ukumbi akaja na funguo, akamwona, akakaa kwenye ngazi ya jukwaa tupu kusubiri, na mimi nikavuta kiti nikakaa pia.